Jibu: Orodha ya ukaguzi wa siagi ya karanga

"Siagi yangu ya karanga kila bechi inatoka tofauti, mara chungu, mara nyepesi kama uji. Nikague nini?"

Anza na uchungu, maana mara nyingi unatoka kwenye kukaanga. Dakika peke yake hazitoshi, kwa sababu karanga kubwa na ndogo haziivi pamoja. Andika kwenye orodha: "pasua karanga 10 kutoka sehemu mbalimbali za sufuria, angalia rangi ya ndani." Weka karanga za bechi iliyokubalika kwenye chupa ndogo iliyofungwa, uzilinganishe nazo. Zikizidi weusi, usisage. Maganda yakibaki nayo huongeza uchungu, kwa hiyo pepeta hadi yaishe. Kabla ya kukaanga toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa moto wa jikoni, hivyo hapa usilegeze.

Wepesi hutegemea usagaji. Karanga zikiwa moto, au zikipita mashineni mara nyingi, mafuta hutoka zaidi. Acha zipoe kabisa, kisha andika idadi ya mizunguko na usiibadilishe. Pima hivi: kijiko kimoja juu ya sahani, inamisha kwa pembe ileile, baada ya dakika 1 pima kwa rula imetiririka sentimita ngapi.

Chumvi pima kwa mizani, baada ya kumenya: gramu 10 kwa kila kilo 1 ya karanga zilizokaangwa. Ukipima karanga mbichi, uwiano utayumba, kwani hupoteza maji na maganda.

Kila chupa iwe na namba ya bechi.