Utafiti wa soko kwa laki moja na nusu: nilivyofanya wa sabuni Morogoro

"Wakuu naomba msaada. Nataka kuanza kutengeneza sabuni ya maji niuze mitaa ya huku kwetu Mbagala, nina laki na nusu ya kufanya utafiti wa soko kabla sijanunua malighafi. Niulize watu wangapi na niwaulize nini? Nimefikiria kutupia fomu ya Google kwenye magrupu ya WhatsApp."

Mkuu hiyo fomu ya magrupu achana nayo kabisa, mimi ndo nilianza nayo nikiwa Morogoro na sabuni hiyo hiyo. Walijaza watu 83, na 71 wakasema watanunua. Nikatengeneza lita 200, mwezi mzima ukaisha sijauza hata lita 40. Waliojaza ni wanakwaya wenzangu, watu niliosoma nao na marafiki wa dada yangu, wengi hata Morogoro hawakai, na swali lenyewe lilikuwa "Je, ungenunua sabuni bora ya maji kwa bei nafuu?" sasa hapo nani atasema hapana?

Mara ya pili nikafanya kwa miguu, kaya 80 za Kihonda, na hela ilikuwa kama hiyo yako. Vijana wawili siku tatu, kila mmoja elfu kumi kwa siku, nauli, bando, na iliyobaki ikaingia kwenye sabuni ya kujaribishia. Fomu niliiweka KoboCollect, ni programu ya simu ya bure, inafanya kazi bila mtandao na inarekodi muda wa kuanza na kumaliza ukiiwekea hivyo. Huo muda ndo ulinionyesha kijana mmoja amejaza fomu nne kwa dakika tatu tatu wakati mahojiano ya kweli yalikuwa yanakula dakika nane mpaka kumi. Nikarudi kwenye zile nyumba nne mwenyewe, mbili hawajawahi kumwona.

Kupata hizo kaya ndo kazi. Kwanza nenda serikali ya mtaa ujitambulishe, bila hivyo utafukuzwa, lakini usikubali mjumbe akutembeze nyumba kwa nyumba maana atakupeleka kwa watu wake na mtu hajibu vilevile mjumbe akiwa amesimama pale. Mimi niliomba barua tu. Halafu nikachagua vituo 8 vilivyotawanyika, msikitini, kwenye bomba, mwisho wa barabara ya vumbi, kila kituo kaya 10. Unaanzia kituoni, unachukua nyumba, unaruka nne, unachukua ya tano, hata kama ile ya katikati ina geti zuri na mama yuko nje anakuchekea.

Sasa huko kwetu uswahilini nyumba moja ina wapangaji sita, na Mbagala utakutana nazo nyingi kuliko mimi. Ukipiga hodi anayetoka ni mwenye nyumba au mke wake, kwa hiyo usipoangalia utafiti mzima unakuwa wa wenye nyumba. Nilichofanya, tunahesabu kaya kuanzia mlango wa kulia, yaani watu wanaokula chungu kimoja, halafu kijana anachomoa mfukoni karatasi moja kati ya zile zenye namba za kaya hizo, ikitoka 4 ni kaya ya nne, basi. Na unaandika nyumba hiyo ina kaya ngapi, kwa sababu mpangaji wa nyumba ya kaya sita alikuwa na nafasi ndogo ya kuchaguliwa kuliko anayekaa peke yake, wakati wa kuhesabu jibu lake unalihesabu mara sita. Ndani ya kaya tulimuulizia yule anayenunua sabuni.

Ukikuta mlango umefungwa usiende kwa jirani, rudi jioni au Jumapili. Waliokuwa hawapo mchana ni wafanyakazi na wanafunzi wa chuo wanaopanga, na hao ndo walikuja kuwa wananunua chupa ndogo dukani wakirudi, ningewaruka nisingejua.

Kuhusu idadi, kukadiria kosa la majibu yako gawa 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu uliowahoji, kwa 80 inakuja kama 0.11. Maana yake ukipata nusu wanatumia sabuni ya maji, ukweli unaweza kuwa asilimia 39 au 61, na kwa sababu majirani wanafanana kosa linazidi hapo kidogo. Ili ulipunguze liwe nusu unahitaji watu mara nne, hela huna. Kwa hiyo 80 zinakutosha kujua wengi au wachache, hazikutoshi kubishana kuhusu asilimia tano.

Maswali sasa, na hapa Kiswahili chenyewe kina mitego. Nilijaribu fomu kwa watu 8 kabla ya kuanza, nikauliza "Mnatumia sabuni ya maji kiasi gani kwa wiki?" Wa kwanza akajibu elfu mbili, wa pili akasema robo kopo, wa tatu akasema Jumamosi tu tukifua. Wote wamejibu sahihi, kutumia ni hela na ni kitu chenyewe. Mtego mwingine ni swali la kukanusha. Nilimuuliza mama mmoja alikuwa anafua, "Hujawahi kununua sabuni ya kupima?" akasema "Ndiyo mwanangu", nikaweka tiki kwamba amewahi. Kidogo akaendelea, "hata siku moja, ile inachuja nguo." Ndiyo yake ilikuwa ya kukubaliana na mimi kwamba hajawahi! Usiweke "huja" wala "hamja" kwenye fomu, na usiunganishe bei na ubora kwenye swali moja maana hutajua amejibu lipi.

Niliyobaki nayo ni ya jambo lililokwisha kutokea: mara ya mwisho kununua sabuni ya maji ilikuwa lini, ulinunulia wapi, ulilipa shilingi ngapi, na naomba nione chupa yenyewe. Hiyo ya kuona chupa ilinisaidia kuliko zote. Mtu anasema lita moja, analeta chupa ya maji ya nusu lita imejazwa duka la jirani. Na usiseme sabuni ni yako mpaka mwisho, mgeni aliyekaribishwa kiti haambiwi bidhaa yake mbaya.

Mwisho wa mahojiano ndo unatoa chupa na kuuza kweli. Vituo vinne niliuza nusu lita kwa 1,000, vinne vingine kwa 1,500, kwa vituo na sio kwa nyumba ili majirani wasilinganishe. Kwa 1,000 walinunua 17 kati ya 40, kwa 1,500 walinunua 9. Lakini wengine wananunua kwa heshima tu, kwa hiyo baada ya wiki mbili nikarudi kote kote na chupa na bei ileile bila maswali. Wa 1,000 wakanunua 6, wa 1,500 wakanunua 5.

Sita kwa tano kwa kaya 40 huwezi kusema ipi imeshinda, ila niliona kushusha bei hakunirudishii wateja wa maana, chupa na kibandiko peke yake vilikuwa vinanila 350. Nikaanza na 1,500, lita 40 tu, nikapeleka maduka matatu yaliyotajwa zaidi kwenye lile swali la ulinunulia wapi. Ukishachora vituo vyako weka hapa tuviangalie, hasa kama kuna upande wenye nyumba za wapangaji wengi.