Saa nane ya Columbus ni saa ngapi Arusha? Ukithibitisha usaili, andika jibu lako

Kazi yangu ya kwanza ya ukalimani wa simu nusura niikose kwa barua pepe ya maneno mawili: "Asante, nitakuwepo." Mwaliko ulinifikia Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, kutoka kampuni moja iliyoko Columbus, Ohio. Usaili ulipangwa Jumanne tarehe 11, saa 10:00 AM kwa saa zao. Nikatazama kwenye simu Columbus ni saa ngapi muda ule, nikaona tumewazidi kwa saa nane. Kumi jumlisha nane ni kumi na nane, yaani saa kumi na mbili jioni hapa Arusha. Jumanne nikajiunga dakika tano kabla ya muda, shati limepigwa pasi, nikakaa peke yangu kwenye chumba cha mtandaoni. Mwenye usaili alikuwa amenisubiri tangu saa kumi na moja, akachoka, akatoka.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi kwa Alhamisi. Jumapili iliyofuata, tarehe 9, Marekani ilisogeza saa mbele kwa saa moja, na tofauti yetu ikawa saba badala ya nane. Sisi huku saa hatuigusi mwaka mzima, tuko UTC+3, yaani tumeitangulia saa ya kimataifa, UTC, kwa saa tatu, Januari hadi Desemba, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba wenzetu wanaigusa. Wewe unayeanza kutafuta kazi za mbali, fanya hesabu kwa tarehe ya usaili. Siku uliyopokea barua haikuhusu.

Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo Machi kuna wiki mbili tatu ambazo tofauti yetu na Columbus imeshabadilika, ila tofauti yetu na London bado ni ileile. Mwaliko ukiangukia hapo, hesabu mara mbili.

Tuchukue mfano. Umepata mwaliko unaosema: Jumanne 10 Machi 2026, 2:30 PM EST. Mwaka 2026 Jumapili ya pili ya Machi ni tarehe 8, kwa hiyo siku ya usaili Columbus watakuwa kwenye saa za kiangazi, ambazo jina lake ni EDT, UTC-4. EST ni saa za majira ya baridi, UTC-5. Ukifuata herufi zilivyo, 14:30 ya EST ni 19:30 UTC, na kwako ni 22:30. Ukifuata saa iliyo ukutani kwa Columbus siku hiyo, 14:30 ni 18:30 UTC, na kwako ni 21:30. Saa nzima imepotea katika herufi moja.

Ufuate ipi? Wamarekani wengi huandika EST mwaka mzima kwa mazoea, na wanachokusudia ni saa ya ukutani kwao. Mimi nafuata mji, herufi naziacha. Lakini sinyamazi nikabaki nakisia: naandika hesabu yangu kwenye barua ya kuthibitisha ili anayeijua saa yake anisahihishe mapema. Ile barua yangu ya mwaka 2025, laiti ingetaja "saa kumi na mbili jioni kwetu, 18:00", huenda yule dada aliyenialika angeshtuka hapohapo.

Baadhi ya waajiri wa ukalimani wana waratibu wanaozungumza Kiswahili, na nao hukuandikia kwa Kiswahili ili waione lugha yako kabla hawajaisikia. Barua yenyewe iwe fupi hivi:

Mada: Uthibitisho wa usaili, Jumanne 10 Machi 2026, 14:30 Columbus / 21:30 Arusha

Habari za kazi, dada.

Nimepokea mwaliko wa usaili, nashukuru sana. Nitakuwepo Jumanne, tarehe 10 Machi 2026, saa 14:30 za Columbus. Kwa hesabu yangu, hapa Arusha itakuwa 21:30 siku hiyohiyo, yaani saa tatu na nusu usiku. Nimehesabu kwa saa za kiangazi (EDT), kwa kuwa huko mtasogeza saa Jumapili ya tarehe 8. Kama mlikusudia muda mwingine, naomba unijulishe.

Nitaingia kwa linki uliyonitumia. Mtandao ukisumbua, napatikana kwa namba iliyo hapa chini.

Wako,
(jina lako kamili na namba ya simu, ukianza na +255)

Saa ya mwajiri imetangulia kwa sababu ndiyo anayoijua, na ndiyo makubaliano. Yako inafuata kama hesabu ya kukaguliwa. Mwezi nimeuandika kwa herufi, maana Mmarekani akiona 10/3 atasoma tarehe 3 Oktoba.

Halafu kuna saa zetu za Kiswahili. Usiandike "saa tatu na nusu" ukaishia hapo. Dada aliyekulia Mombasa ataelewa ni 9:30, lakini dada huyohuyo baada ya miaka ishirini Ohio anaweza kuisoma 3:30 bila hata kujua kwamba amebadilika. Na wewe pia unaweza kuteleza: kichwani una "saa tatu", mkono unaandika 3:30 PM. Nimeona barua ya mwenzangu mmoja ikiwa na kosa hilo, mtu mwenye shahada ya tafsiri. Tarakimu za saa 24 ziende mbele, maneno yafuate, na neno usiku, asubuhi au jioni lisikosekane.

Ukiwa Kigali, Bujumbura, Goma au Bukavu, uko UTC+2, kwa hiyo usaili huo kwako ni 20:30. Muscat na Dubai ni UTC+4, ni 22:30. Usiige hesabu ya rafiki aliye Nairobi.

Kampuni ikiwa upande wa magharibi wa Marekani, angalia na tarehe. Saa 4:00 PM ya San Diego, Jumanne ileile ya 10 Machi, ni 23:00 UTC, na huku ni 02:00 ya Jumatano. Sisi tutaiita saa nane usiku wa kuamkia Jumatano, na ndivyo uandike, pamoja na "tarehe 11 Machi". Ukiandika "Jumanne usiku, saa nane" umempa msomaji nafasi ya kukukosa kwa siku nzima.

Baada ya hapo huenda ukaletewa mwaliko wa kalenda. Simu yako ikiwa imewekwa Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, mwaliko utajigeuza wenyewe kuwa saa zako. Linganisha na barua yako. Ukionyesha 22:30 wakati wewe uliandika 21:30, usidhani kalenda haikosei: inageuza kile alichojaza mtumaji, na kama alichagua saa za baridi kwa mkono, itageuza kosa lake kwa usahihi kabisa. Jibu ileile barua ya kwanza, mstari mmoja tu: "Dada, kalenda inaonyesha 22:30 kwangu, sawa na 15:30 Columbus. Tubaki na 14:30?"