Picha zilizofutwa kwenye memori kadi: chomoa kadi kwanza

"Wakuu, mtoto kafuta picha zote za harusi kwenye memori kadi ya GB 32. Nipakue programu gani kwenye simu nizirudishe?"

Mkuu, usipakue yoyote. Zima simu, chomoa kadi sasa hivi.

Kadi za GB 32 kwa kawaida huja na mfumo wa FAT32. Ukifuta picha humo, kinachobadilika ni alama ya mwanzo wa jina lake, kisha nafasi yake inahesabiwa kuwa wazi. Picha yenyewe inabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na picha mpya au wimbo unaoushusha unaweza kuangukia hapo hapo. Programu za simuni nazo mara nyingi huokota vipicha vidogo vya albamu tu, huku zikiandika vitu vyao.

Weka kadi kwenye adapta yenye kiswichi cha pembeni, kisukume upande wa LOCK, halafu uichomeke kwenye kadi rida. Waya wa simu haufai, maana kompyuta huonyeshwa mafaili yaliyopo tu. Windows ikikuomba kufomati au kurekebisha kadi, kataa.

Kwanza onyesha mafaili yaliyofichwa. Ukiona majina yanayoanza na `.trashed-`, una bahati: simu iliziweka kwenye pipa la taka tu. Yanakili kwenye kompyuta, uondoe kipande hicho cha mwanzo pamoja na namba inayofuata.

Kama hayapo, nakili kadi nzima kwanza, ufanye kazi kwenye nakala. Kwenye Linux, `lsblk` itakuonyesha kadi ikiwa na takriban 29.7G, hapa tuseme ni `sdb`. `ddrescue` ndiyo inayonakili kadi, `photorec` ndiyo inayotafuta picha kwenye nakala. Andaa nafasi ya GB 64, nusu ya nakala, nusu ya picha zitakazotoka.

```
lsblk
sudo ddrescue -d /dev/sdb kadi.img kadi.map
photorec kadi.img
```

Ndani ya PhotoRec, ingia `File Opt`, bonyeza s kuzima aina zote, kisha washa jpg peke yake. Rudi, chagua sehemu ya kadi, `Search`, halafu `Other`, kisha `Free`. Chagua folda ya kompyuta, bonyeza C. Zikitoka chache mno, rudia kwa `Whole`.

Picha zitakuwa kwenye `recup_dir.1` na majina kama `f0123456.jpg`. Majina ya zamani yamekwenda, ila tarehe ya kupigwa kwa kawaida bado imo ndani ya picha. Zinazoanza na t ni vipicha vidogo, zifute. Iliyo nzima juu na kijivu chini imeandikwa juu yake, au vipande vyake vilikuwa vimetawanyika kadini. Iliyoandikwa juu yake hairudi kwa programu yoyote.

Kama kadi ilikuwa imeunganishwa na memori ya ndani ya simu, njia hii haisaidii: imefungwa kwa ufunguo ulioko simuni, na kompyuta itaona vurugu tupu. Usiirudishe simu kwenye hali ya kiwandani, ufunguo utapotea nao.