2^x na x^2: x iko chini ao juu?

"Nimeweka x = 3, nikapata 8 na 9. Mbona mwalimu anasema 2^x inashinda?"

Jambo ndugu, salamu toka Goma. Umesimama mapema. Kwenye 4 zote ni 16, kwenye 5 ni 32 kwa 25, kwenye 10 ni 1024 kwa 100.

Angalia kila hatua inazidisha kwa ngapi. 2^x inazidishwa kwa 2 kila mara, haichoki. x^2 kutoka 4 kwenda 5 inazidishwa kwa 25/16, karibu 1,56. Kutoka 10 kwenda 11 ni 1,21 tu, na inazidi kushuka kuelekea 1. Itaifikia wapi tena?

Anayeandika 2^5 = 25 amegeuza: x yake iko juu, yeye ameisoma chini.