Statimenti ya ada inasema nadaiwa 450,000

"Nimelipa laki tatu, kisha laki mbili, ila skrinshoti ya shule inaonyesha 450,000. Nauza dagaa Mwaloni, nilipeje?"

Habari dada. Usianze na Balance ya chini. Jumlisha safu ya Debit: deni la mwaka jana 150,000 na awamu mbili za 300,000, jumla 750,000. Kwenye Credit ipo laki tatu tu. Ile laki mbili haijaingizwa, kwa hiyo deni halisi ni 250,000. Mpelekee mhasibu slipu ya benki, umwonyeshe tarehe na namba ya muamala. Yangu iliwahi kuingizwa kwa mtoto mwingine, majina yalifanana.

Kuhusu mpango, usiahidi kila wiki. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hupungua, unajua mwenyewe, na ahadi itavunjika. Ahidi kila giza: 125,000 giza hili, 125,000 linalofuata. Awamu ya Julai ya laki tatu itakukuta huna deni la nyuma. Kama giza moja haliwezi kutoa kiasi hicho baada ya kula na kununua mzigo, gawa mara tatu, 85,000, ya mwisho 80,000. Andika barua, mhasibu agonge muhuri, nakala moja ubaki nayo.