Kutafsiri rangi pale buluu na kijani zinapobebwa na neno moja

Zitafsiri rangi za bendera ya Zanzibar kwa Kivietinamu kwa kufuata kamusi neno kwa neno, utapata "xanh, đen, xanh". Msomaji wa Hanoi atachora kichwani mstari mweusi katikati, na juu yake na chini yake mistari miwili ambayo hajui kama inatofautiana. Bendera yetu, inayopepea tangu 2005, ni buluu juu, nyeusi katikati na kijani chini. Kamusi haikudanganya, kwani "xanh" kweli hubeba buluu na kijani. Ubovu umeingia pale neno hilo lilipoachwa peke yake mahali ambapo rangi zote mbili zipo na zinatakiwa zitofautiane.

Tuondoe kwanza dhana moja inayopoteza wafasiri wengi. Mvietinamu anaiona tofauti ya jani na anga kama tunavyoiona sisi. Akitaka kuitaja, huongeza kitu baada ya neno: "xanh lá cây" ni xanh ya majani ya mti, "xanh da trời" ni xanh ya anga, "xanh nước biển" ni xanh ya maji ya bahari, iliyokoza kuliko ya anga. Buluu ya kawaida huitwa pia "xanh dương". Njia hii si ngeni kwetu. Vivumishi vya rangi vyenye kubadilika kwa ngeli tunavyo vitatu tu, -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyengine nyingi tunazitaja kwa kuazima kitu: majani, manjano, majivu, kahawa, samawati. Kwa hiyo bendera inatoka bila taabu: xanh dương, đen, xanh lá cây. Ukifika kwenye bendera ya Muungano iliyomo pembeni juu, usichoke ukaanza kufupisha. Pembetatu ya upande wa mlingoti ni kijani na ile ya pili ni buluu, nazo zinahitaji maneno kamili kama yale ya mwanzo.

Kazi ngumu ni ya upande wa pili, kutoka Kivietinamu kuja Kiswahili, kwa sababu hapo mwandishi ameandika "xanh" tupu na wewe ndiye unayelazimika kuchagua. Kabla ya kuuliza ni rangi gani, uliza kama ni rangi. "Chuối xanh" ni ndizi mbichi, na "xoài xanh" ni embe mbichi, ile inayoliwa kwa chumvi na pilipili. Ukiandika "embe ya kijani" umeharibu maana, maana embe nyengine hubaki kijani hata zikiiva. Kiswahili kina bahati hapa: -bichi yetu imekaa karibu sana na xanh ya namna hii, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo ndani ya "kijani kibichi". "Rau xanh" ni mboga za majani, basi. Uso ukielezwa kuwa "xanh xao", mtu amesawajika, hana damu usoni. Na "tóc xanh", nywele xanh, katika ushairi ni nywele nyeusi za ujana. Mfasiri asiyelijua hili humpa bibi harusi nywele za kijani.

Ikishathibitika kuwa ni rangi, tazama neno linalofuata xanh. Mara nyingi jibu limo humo. "Xanh rờn" husemwa kwa mpunga mchanga na majani mapya, kwa hiyo ni kijani. "Xanh lè" ni kijani kikali kisichopendeza, aghalabu cha tunda lisilowiva. "Xanh lơ" ni buluu nyepesi, na hiyo "lơ" imetokana na neno la Kifaransa la buluu. Pasipo na neno la kusaidia, kinachobaki ni kitu chenyewe: "trời xanh" ni anga, na "đèn xanh" kwenye njia panda ni taa ya kijani.

Bahari ndiyo inayosumbua kuliko vyote, na hapa mtu wa visiwani ana faida. "Biển xanh" inaweza kuwa rangi tatu tofauti. Maji hufyonza mwanga mwekundu na kuuacha wa buluu, kwa hiyo kilindini, kama katika mkondo wa kati ya Pemba na bara, bahari ni buluu iliyokoza, na jioni wazee wataiita nyeusi. Ndani ya mwamba, kama Paje au Jambiani, maji ni machache juu ya mchanga mweupe, mwanga unarudi kabla haujafyonzwa sana, na rangi inakuwa feruzi. Penye mikoko na nyasi za bahari inaelekea kijani. Basi tafuta katika matini: kuna kina, kuna mchanga, mvuvi yuko nje ya mwamba au ndani? Ukikosa dalili yoyote, andika "bahari ya buluu", kwani ndiyo isiyomshtua msomaji. Usiandike "buluu-kijani" kwa kudhani unahifadhi xanh. Hiyo ni rangi mahsusi ya mchanganyiko, na xanh haisemi mchanganyiko. Inasema moja kati ya mbili bila kuitaja.

Tuchukue mfano wa sentensi tuliyoitunga: "Anga xanh, mpunga xanh, shati la baba xanh." Anga ni buluu au samawati. Mpunga ni kijani, tena kibichi. Shati halijulikani. Hapo pitia matini yote na uandike kila xanh pamoja na kitu chake na ukurasa wake, kwani huenda ukurasa wa tisa shati hilo hilo likaitwa "xanh lá cây". Picha ikiwepo, ifuate. Ikikosekana, muulize mwandishi. Asipopatikana, chagua moja, iandike kwenye orodha yako, na shati libaki hivyo hadi mwisho wa kitabu. Kosa la kawaida kabisa katika kazi hizi ni nguo inayobadilika rangi baina ya sura mbili.

Sentensi hiyo ina hasara nyengine: mkufu wa neno moja linalojirudia mara tatu unakatika. Kwa maoni yetu, bora kuupoteza kuliko kumpa msomaji mpunga wa buluu. Marudio yanaweza kurudishwa kwa njia nyengine, mathalani "anga limetakata, mpunga umetakata", ikiwa mwandishi alikusudia upya na usafi zaidi ya rangi.

Jihadhari zaidi ukitafsiri kupitia Kiingereza. Mtafsiri aliyekutangulia ameshachagua, na huenda amechagua vibaya. Ndizi aliyoiandika kijani inaweza kuwa mbichi tu. Omba matini ya Kivietinamu hata kama huisomi vizuri, angalau uone "xanh" imesimama peke yake au ina neno la pili.

Mwisho, ijaribu tafsiri. Kata karatasi sita: samawati, buluu, buluu iliyokoza sana, feruzi, kijani kibichi, kijani cha mwani. Msomee mtu sentensi bila kumwonesha asili, aoneshe karatasi kwa kila kitu kilichotajwa. Ukiandika "chanikiwiti", watu wazima wataiokota ya kijani kibichi mara moja, na mtoto wa skuli huenda akauliza maana yake. Kwa kitabu cha watoto, andika kijani. Kwa kitambaa au rangi ya ukuta, maneno hayatoshi hata yakiwa sahihi: ambatanisha kipande chenyewe, na kama kazi ni ya kwenye skrini, namba ya rangi, mfano `#0000FF` kwa buluu au `#008000` kwa kijani.