Sondaje ya tarehe: mwenye kura nyingi si lazima ashinde

Katika likelemba yetu ya Lubumbashi, kikundi cha kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, tuko watu 14. Kuna wanaouza sokoni, kuna walimu, mmoja yuko Kolwezi, mwingine Kinshasa. Mimi ndiye mwenye kazi ya kupanga mkutano.

Sondaje yangu ya kwanza kwenye WhatsApp iliharibika kwa sababu nilizima kitufe kinachoruhusu majibu zaidi ya moja. Niliona ni haki kila mtu apate kura yake moja. Kura zikagawanyika: Jumamosi saa 14:00 watu 5, Jumamosi 16:00 watu 4, Jumapili 14:00 watu 3, Jumapili 16:00 watu 2. Nikatangaza ile ya watu 5, na watano hao ndio waliokuja. Mama mmoja akaniambia baadaye, "Papa, mimi ya saa 16:00 Jumamosi ningeweza pia, lakini uliniruhusu moja tu."

Sondaje ya tarehe haimuulizi mtu anapenda saa gani. Inamuuliza ni saa zipi zote anazoweza. Basi nikarudia, safari hii nikaandika juu yake: "Weka alama kwenye kila saa unayoweza kufika. Tunafunga Jumatano saa 20:00." Nikaibandika juu ya kikundi ili isizame chini ya salamu na picha. Jumatano mchana watu watatu walikuwa bado kimya, nikawapigia simu mmoja mmoja, maana mtu aliyenyamaza hajasema hawezi. Huenda hana umeme tu.

Matokeo: Jumamosi 14:00 watu 8, Jumamosi 16:00 watu 11, Jumapili 14:00 watu 12, Jumapili 16:00 watu 9.

Kwa hesabu, Jumapili 14:00 imeshinda. Lakini nilifungua majina, nikakuta mshika sanduku hayumo. Watu 12 bila sanduku wangekaa kufanya nini? Nikachukua Jumamosi 16:00, yenye mshika sanduku na yule ambaye zamu yake ya kupokea imefika. Tangu siku hiyo, kabla ya kutuma sondaje naongea kwanza na hao wawili, na saa wasizoweza siziweki kabisa.

Tangazo nililiandika kama ujumbe mpya, kwa sababu wengi wakishapiga kura hawarudi kutazama:

"Mkutano ni Jumamosi tarehe 14, saa 16:00 ya Lubumbashi, yaani saa 15:00 ya Kinshasa. Ni Kamalondo, kwa Mama mshika sanduku. Jumapili 14:00 ilipata watu wengi zaidi, lakini sanduku lisingekuwepo. Saa zile tatu nyingine ziko huru, msizihifadhi tena kwa ajili ya mkutano. Asiyeweza kufika anitumie mchango kabla ya Ijumaa jioni."

Saa naziandika hivyo, 16:00, kwa sababu ukiandika "saa kumi" tu, mmoja atahesabu Kiswahili na mwingine Kifaransa, na huyo wa pili atagonga mlango asubuhi.

Wale watatu wasioweza Jumamosi 16:00 niliwapigia simu kabla ya kutuma tangazo. Wawili walituma michango Alhamisi, na wa tatu akahamisha safari yake, akaja.